Luva 14 zibaki 14: mwongozo wa kukuza na kunoa picha ya renda kabla ya kuchapa

Fundi seremala aliyekuwa anatengeneza madirisha ya nyumba moja Bagamoyo alinipigia simu kuuliza jambo alilodhani ni dogo. Bango lililobandikwa saiti linaonyesha luva 11 kwenye kila bawa la dirisha, ramani ya msanifu inasema 14. Afuate lipi? Alikuwa ameshakata mbao za mabawa sita kwa kuangalia bango.

Bango hilo nililiandaa mimi. Picha yenyewe, yaani renda, ilizalishwa na akili mnemba kutoka kwenye mchoro wa SketchUp wa msanifu, na ilipofika kwangu ilikuwa na luva 14 kamili, baadaye nilizihesabu. Niliikuza kwa mojawapo ya vikuzaji vile vyenye kitufe cha ubunifu, ikatoka inang'aa kama picha ya jarida, nikachapa. Siku ya simu ile ndipo nilipolaza picha mbili bega kwa bega. Luva zilikuwa zimepungua, mlango wa nakshi umeota komeo la chuma ambalo hakuna aliyelichora, na baraza imepata kidato cha pili.

Haya hapa chini ni mambo ninayofanya tangu siku hiyo, kwa mpangilio ninaoufuata. Mfano ni nyumba hiyohiyo: picha ya pikseli 1536 kwa 1024, inayotakiwa kuchapwa kwenye karatasi ya A2 iliyolazwa.

## Kwanza hesabu, usikuze zaidi ya unachohitaji

Kila pikseli unayoiongeza ni ya kubuni, iwe imebuniwa kwa hesabu ya kawaida au na modeli. Kwa hiyo swali la kwanza ni pikseli chache kiasi gani zitatosha.

A2 ni milimita 594 kwa 420. Picha yetu ina uwiano wa 3 kwa 2, nayo karatasi za A zina uwiano mwingine, kwa hiyo haitaijaza karatasi bila kukatwa. Sikati picha ya msanifu. Nimeiweka kwa upana wa milimita 570 na urefu wa milimita 380, pembezoni pakabaki peupe. Milimita 570 ni inchi 22.44. Ukigawa pikseli 1536 kwa inchi hizo unapata pikseli 68 kwa inchi. Kwa namna nyingine, kila pikseli ya asili itakuwa na upana wa milimita 0.37 kwenye karatasi, na mtu aliyesimama karibu ataiona.

Wengi hapa hukimbilia 300 kwa sababu ndiyo namba waliyoambiwa na wachapaji. 300 ni namba ya kitu kinachoshikwa mkononi, mfano kitabu au kipeperushi. Jicho zuri hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mtu aliyesimama sentimita 60 kutoka kwenye bango, pembe hiyo ni takriban milimita 0.17, ambayo ni kama pikseli 145 kwa inchi. Watu wengine husogea kidogo, kwa hiyo nachukua 200. Hiyo inatupa pikseli 4488 kwa 2992, sawa na kukuza kwa mara 2.9 hivi. Ningeng'ang'ania 300, ningekuza kwa mara 4.4, na pikseli zote hizo za ziada zingebuniwa kwa ajili ya mtu ambaye hatazitambua.

## Picha mama

Itafute picha yenyewe ilivyotoka kwenye programu iliyoizalisha, katika PNG. Iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa na kubanwa, na ubanaji wa JPEG huacha vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo modeli ya kukuza huvichukulia kuwa sehemu ya ukuta. Nimewahi kuona plasta laini ikigeuka kuwa ya vigae kwa sababu hiyo tu. Kama lazima itumwe kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti.

Halafu, kabla ya kukuza chochote, iweke picha hiyo ndogo kando ya ramani na umwite msanifu. Picha iliyozalishwa inaweza kuwa na makosa yake yenyewe: nguzo iliyozidi, dirisha lililosogea. Makosa hayo yarekebishwe sasa, ikiwa bado ndogo, kwa sababu kufuta nguzo yenye upana wa pikseli 20 ni kazi ya dakika tano, na baada ya kukuza utapambana na ukingo wake kutwa nzima. Msanifu akikubali, faili hilo nalipa jina `mama.png` na sihifadhi tena kitu juu yake. Kuanzia hapo ndilo shahidi. Hatua zote zinazofuata zinaulizwa swali moja: je, zinakubaliana na mama?

Hapo pia ndipo ninapoandika kwenye daftari vitu vinavyohesabika. Nyumba hii ilikuwa na luva 14 kwa kila bawa, mabawa 12, vidato 3 mbele ya mlango, nguzo 4 za veranda, na mlango wa mbawa mbili wenye mfaa katikati na safu 5 za misumari ya shaba. Makuti ya paa siyaandiki. Hakuna fundi atakayehesabu makuti kwenye bango, na yakibadilika kidogo paa linabaki lilelile. Mgawanyo huo kati ya vinavyohesabika na vya umbile tu utakuongoza baadaye kuamua wapi umwachie modeli na wapi umzuie.

## Kuza mara mbili, kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni hesabu tupu. Lanczos huchukua pikseli za jirani na kukadiria iliyo katikati yao. Haijui dirisha ni nini, kwa hiyo haiwezi kuchora dirisha. Kitakachotoka ni laini, hata cha ukungu kidogo, lakini ni kweli kabisa. Amri hii, na nyingine zote zinazoanza na `magick`, ni za programu ya ImageMagick.

```
magick mama.png -filter Lanczos -resize 4488x2992 laini.png
```

Njia ya pili ni modeli iliyofunzwa. Natumia Real-ESRGAN, iliyotolewa mwaka 2021, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Asiyependa kuandika amri aitafute Upscayl, inayotumia modeli za aina hiyohiyo kwa vitufe.

```
realesrgan-ncnn-vulkan -i mama.png -o kali4.png -n realesrgan-x4plus -s 4
```

Ieleweke ni nini kinachotendeka hapo. Modeli hii ilifunzwa kwa mashindano: upande mmoja unakuza, upande wa pili unakagua kama matokeo yanafanana na picha halisi. Anayekuza hapati alama kwa kuwa mkweli tu, anapata pia kwa kushawishi. Ndiyo maana kingo zake ni kali na nyuso zake huonekana safi, na ndiyo maana pia, anapokutana na kitu asichokiona vizuri, hujaza kwa kitu kinachoaminika. Kuna ndugu yake aitwaye `realesrnet-x4plus`, aliyefunzwa bila yule mkaguzi. Huyo ni mpole zaidi, anatoa picha laini na ni nadra kuzua. Picha ikiwa imejaa nakshi, huyo ndiye ninayeanza naye.

Vikuzaji vya kibunifu, vile vyenye sehemu ya kuandika maelezo au kitelezi cha ubunifu, ni jamii nyingine kabisa. Havikuzi, vinapaka picha upya vikiwa vimeitazama ya zamani. Hata kitelezi kikiwa chini kabisa bado unaomba mchoraji mwingine arudie kazi ya wa kwanza. Kwa picha ya mandhari ya kupamba ukumbi, sawa. Kwa kitu ambacho mtu atakijenga, mimi situmii.

Faili likitoka, litazame anga kwanza. Programu hizi hukata picha vipande ili kumbukumbu ya kadi ya michoro itoshe, na maungio ya vipande huonekana kwenye maeneo tambarare kama mistari hafifu iliyonyooka. Ukiiona, rudia kwa vipande vikubwa zaidi kwa kuongeza `-t 512` au zaidi, kadiri kadi yako inavyomudu.

## Rudisha chini, linganisha

Hii ndiyo hatua ambayo ingeniokoa siku ile, nayo inachukua sekunde chache. Mantiki yake ni nyepesi: kama picha kubwa ni ile ndogo iliyokuzwa kweli, basi ukiipunguza irudi ukubwa wa mwanzo lazima ifanane na mama.

```
magick kali4.png -filter Box -resize 1536x1024 rudi.png
magick mama.png rudi.png -compose difference -composite -colorspace Gray -evaluate multiply 8 tofauti.png
```

Nimezidisha tofauti mara 8 ili jicho lizione, na nimeiacha 8 kila siku ili niweze kufananisha kazi ya leo na ya jana. Usitumie kitufe cha kunyoosha mwanga kiotomatiki hapa, maana hicho kitafanya hata picha nzuri ionekane imejaa makosa.

Kuisoma `tofauti.png` kunahitaji mazoea kidogo. Ikiwa karibu nyeusi yote, yenye nyuzi hafifu za kijivu kwenye kingo za kuta na paa, hiyo ni kawaida. Modeli imekaza kingo na ndiyo kazi uliyompa. Ikiwa na utando wa kijivu ulioenea sawasawa ukutani, rangi imehama. Lakini ukiona umbo, yaani mstari mzima mweupe pasipo na ukingo, au doa lenye sura ya kitu, hapo kuna kilichosogea, kilichofutwa au kilichoongezwa. Nilipolipitisha lile bango la zamani kwenye kipimo hiki, madirisha yalimeta kama ngazi zilizolazwa na komeo la mlangoni likaonekana wazi kama chapa.

Sasa ujue na mipaka yake. Kipimo hiki hukamata uongo wenye ukubwa wa pikseli moja ya mama au zaidi. Uongo mdogo kuliko hapo unapita. Modeli ikichora nyufa nyembamba ndani ya eneo lililokuwa na rangi moja, na wastani wake ukabaki uleule, basi ukiipunguza picha nyufa zinayeyuka na tofauti ni sifuri. Kwa hiyo kipimo kinakuhakikishia kwamba kilichokuwepo hakikubadilishwa. Hakikuhakikishii kwamba hakuna kilichoongezwa katikati ya kilichokuwepo. Hilo la pili ni la macho na daftari.

Basi lichukue daftari. Fungua picha kwa asilimia 100, pitia kitu kimoja kimoja, na uhesabu. Chosha macho lakini hesabu kweli, kwa kidole kwenye kioo ikibidi.

## Kuirudisha kwenye mstari

Tofauti ndogo za rangi na kingo zilizosogea nusu pikseli zinaweza kusahihishwa bila kutupa kazi. Njia yake ni ya zamani. Irani na Peleg waliiandika mwaka 1991. Unapunguza picha kubwa, unaitoa kwenye mama, unachokipata ndicho kosa, unalikuza kosa hilo kwa njia laini na kulirudisha juu ya picha kubwa. Ukirudia mara chache, picha kubwa inalazimika kukubaliana na mama kila pikseli. Naifanya kwa Python:

```
import numpy as np
from PIL import Image

def badili(a, w, h, njia):
    return np.dstack([np.asarray(Image.fromarray(a[..., i])
        .resize((w, h), njia)) for i in range(3)])

def soma(f):
    return np.asarray(Image.open(f).convert("RGB"), dtype=np.float32)

mama, kali = soma("mama.png"), soma("kali4.png")
h, w = mama.shape[:2]
H, W = kali.shape[:2]
for _ in range(4):
    kosa = mama - badili(kali, w, h, Image.BOX)
    kali = kali + badili(kosa, W, H, Image.BICUBIC)
Image.fromarray(kali.clip(0, 255).astype("uint8")).save("kali4_sawa.png")
```

Mizunguko minne inatosha. Ukiiongeza sana, kila chembe ya uchafu iliyomo kwenye mama nayo inarudi, na kingo zinaanza kupata mawimbi. Na usiitegemee kuficha kosa kubwa. Luva 11 zilizochorwa vizuri zikilazimishwa kukubaliana na luva 14 zenye ukungu, kinachotoka ni mistari iliyogombana, mibaya kuliko vyote viwili. Njia hii ni ya kunyoosha kilichopinda kidogo.

Baada ya hapo naipunguza hadi ukubwa ninaouhitaji:

```
magick kali4_sawa.png -filter Lanczos -resize 4488x2992 kali.png
```

## Maski: wapi modeli aruhusiwe

Fungua `laini.png` kwenye GIMP, uweke `kali.png` juu yake kama tabaka la pili, na uipe maski nyeupe. Popote utakapopaka nyeusi kwenye maski, picha laini ya chini itachungulia.

Kuta zilizonyooka, ukingo wa paa, nguzo, sakafu, fremu za madirisha ya karibu: hapo modeli hufanya kazi nzuri na ya kweli, kwa sababu mstari ulionyooka ni mstari tu, hakuna cha kuzua. Naiacha nyeupe. Makuti na majani ya minazi naweka maski ya kijivu, karibu nusu kwa nusu, maana modeli hupenda kuyafanya yawe makali mno hadi yanashindana na nyumba. Watu waliosimama kwenye baraza napaka nyeusi bila kufikiri mara mbili. Sura ya mtu mwenye urefu wa pikseli 60 haina macho wala mdomo ndani yake, na modeli itampa macho ya kutisha.

Mlango wa nakshi ulinifundisha subira. Ukiukaribia kwenye picha mama, utaona kwamba nakshi yenyewe si nakshi. Ni vivuli vinavyofanana na nakshi, kwa sababu hata iliyoizalisha haikujua ua gani limechongwa pale. Modeli ya kukuza inavichukua vivuli hivyo na kuvitamka kwa sauti kubwa, ikitoa maua na minyororo ambayo hakuna mchonga milango wa Pwani angeikubali. Ukiwa na mchoro halisi wa mlango uliokubaliwa, uweke juu kwa kuupinda ufuate mtazamo wa picha. Ukiwa huna, acha ukungu wake. Mlango wenye ukungu humwambia mtazamaji kwamba nakshi bado haijaamuliwa, na huo ndio ukweli.

Maandishi yoyote, kibao cha jina la nyumba au namba ya kiwanja, yafutwe na yaandikwe upya kwa herufi halisi kwenye programu ya vekta kama Inkscape. Herufi zilizokuzwa na modeli hugeuka kuwa alfabeti ya nchi isiyokuwepo.

## Luva za ghorofani

Sasa turudi kwenye luva. Dirisha la chini, lililo karibu na mtazamaji, lina bawa lenye urefu wa pikseli 84 kwenye picha mama. Gawa kwa 14, kila luva ina pikseli 6. Hapo kuna nafasi ya mwanga, kivuli, na ukingo kati yao, na Real-ESRGAN ilizikuza zote 14 bila kupoteza hata moja.

Dirisha la ghorofani, mwisho wa upande wa kaskazini, lina bawa la pikseli 35. Luva moja inapata pikseli 2.5. Kinadharia mstari mmoja mweupe na mmoja mweusi huhitaji pikseli mbili tu, lakini huo ndio ukingo wa mwisho, na ukungu kidogo tu unatosha kuyeyusha kila kitu. Modeli ilipofika hapo ilichora luva 9 safi, zenye nafasi sawa na zinazopendeza. Hakuna ambaye angezishuku asiyehesabu. Kwa kazi zangu nimejiwekea mpaka: chochote kinachojirudia kwa chini ya pikseli 4 kwenye mama, modeli haigusi.

Kwa hiyo ufanye nini na dirisha lile? Kuna njia mbili za haki. Moja ni kuliacha laini kutoka kwenye Lanczos. Kwenye karatasi litakuwa na urefu wa milimita 13 tu, na mtu atalisoma kama dirisha la luva bila kuhesabu. Ya pili, ambayo niliitumia kwa sababu mteja alikuwa anasogea karibu sana na bango, ni kumwomba msanifu atoe mistari mitupu ya mchoro wake wa SketchUp kutoka kwenye kamera ileile, kwa upana wa pikseli 4488. Mistari hiyo inatoka kwenye vipimo vya kweli. Unaiweka kama tabaka la juu, modi ya `Multiply`, nguvu asilimia 25 hivi, na maski inayoiruhusu kwenye madirisha ya juu pekee. Luva zinakuwa 14 kwa sababu msanifu alichora 14.

Tabaka hilo la mistari ni msaada hata kabla ya kukuza, kama kipimo. Liwashe na kulizima juu ya picha kubwa: nguzo iliyohama utaiona ikiruka.

## Kunoa, mara moja, mwishoni

Wengi hunoa kabla ya kukuza, wakanoa tena baada ya kukuza, halafu printa nayo ikanoa kwa hiari yake. Kila mara ukingo unapata mstari mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili, na modeli ikikutana na mstari huo inaukuza kama vile ni fremu ya alumini. Usinoe mama. Noa picha ikiwa imeshafika ukubwa wake wa mwisho, kwa karatasi unayoijua.

Kanuni ninayoanzia ni kugawa pikseli kwa inchi kwa 200 ili kupata rediasi. Kwa bango letu la 200, rediasi ni pikseli 1, yaani milimita 0.13 kwenye karatasi. Ukingo wa namna hiyo jicho linauhisi kama ukali, haliuoni kama mstari. Ukitumia GIMP, nenda `Filters`, `Enhance`, kisha `Sharpen (Unsharp Mask)`, uweke `Radius` 1, `Amount` 0.7, na `Threshold` ndogo ili kuta tambarare zisiguswe. Kwa amri, natoa kwanza tabaka zote za GIMP kwa pamoja kama `mchanganyiko.png`, kisha nanoa mwanga pekee nikaacha rangi, ili kingo zisipate utepe wa zambarau:

```
magick mchanganyiko.png -colorspace Lab -channel R -unsharp 0x1+0.7+0.02 +channel -colorspace sRGB -units PixelsPerInch -density 200 bango.tif
```

Hiyo 0.7 ni ya karatasi inayong'aa. Karatasi isiyong'aa hunywa wino, nukta zinatanuka, na ukali unapungua, kwa hiyo hapo napanda hadi 1.0. Kwenye kioo picha itaonekana imezidi kidogo. Usiogope, kioo hakinywi wino.

Baada ya kunoa, maeneo yaliyotoka kwa modeli na yale ya Lanczos bado yanaweza kutofautiana: huku plastiki, huku ukungu. Hapo naongeza punje. Tengeneza tabaka la kijivu cha katikati, upite `Filters`, `Noise`, `RGB Noise` ukiwa umezima `Independent RGB`, uliweke katika modi ya `Soft light` na upunguze nguvu hadi punje zisionekane ukiwa umbali wa mkono. Punje zinaunganisha nyuso zote na kuipa karatasi uhai, nazo hazina umbo. Hakuna fundi atakayejenga punje.

Rangi sitaingia sana. Liache faili katika sRGB na umuulize mwendesha mashine anataka nini; ukibadilisha kuwa CMYK mwenyewe bila profaili ya mashine yake, kijani cha minazi kitakufa na hutajua nani alikiua.

## Kipande kabla ya bango

Kata vipande vitatu kutoka kwenye `bango.tif`: dirisha la chini, mlango, na kipande cha anga kinachogusa ukingo wa paa. Vipange kwenye A4 moja na uchape kwa asilimia 100, kwa karatasi ileile ya bango. Hakikisha printa haijawekwa kutosheleza picha kwenye ukurasa, maana hapo itabadili ukubwa na jaribio lako litakuwa la bango jingine. Simama sentimita 60. Ukiona mstari mweupe kando ya paa dhidi ya anga, umenoa kupita kiasi. Punguza `Amount`, usiguse rediasi. Luva zikionekana zinacheza au zina mawimbi, kuna tabaka la mistari lililokaa nusu pikseli pembeni.

Kwenye kona ya bango lenyewe sasa naweka mstari mmoja wa maandishi madogo: vipimo na idadi vifuatwe kwenye ramani. Yule fundi wa Bagamoyo alinicheka alipouona.

Mwezi uliofuata mteja alitaka picha hiyohiyo kwenye bango la upana wa mita 3 la kuweka barabarani, na akauliza kama inabidi kukuza upya. Piga hesabu: pikseli 4488 kwa inchi 118 ni pikseli 38 kwa inchi. Mtu aliyesimama mita 3 mbali hahitaji zaidi ya 29 hivi, na hakuna anayepita barabarani karibu hivyo. Nilichukua `mchanganyiko.png`, ile ambayo bado haijanolewa, nikainoa kidogo tu, nikabadili `-density` kuwa 38 na kuituma.